Maziwa ya Kupimia Koo

Wayua alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna ambaye angeweza kumwachisha. Kila usiku, watu wakiwa wameshakula na vyombo vimeinamishwa, alichemsha maziwa, akajaza kikombe kikubwa cha bati kinachomeza nusu lita nzima, akatia sukari vijiko viwili, kisha akaketi mbele ya mumewe kumtazama koo. Si uso. Koo. Kikoromeo kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, mpaka kikombe kionyeshe matako. Hapo ndipo aliposhusha pumzi na kusema, "Haya, lala."

Mumewe ni Kiilu, dalali wa mbuzi katika soko la mifugo la Mwingi, mtu wa miaka hamsini na minane na tumbo la kutosha. Ukitaka kuuza beberu kwa bei nzuri bila kelele zako mwenyewe, ulikodi kelele za Kiilu. Alikuwa na sauti ambayo wanunuzi wa lori la Garissa waliisikia kabla hawajashuka. Hiyo sauti ndiyo iliyoanza kumtoka, na hapo ndipo Wayua alipoanza kufa kidogo kidogo, maana alijua sauti ikitoka ni nini kinachofuata. Alikuwa amekiona kwa macho yake.

Alikiona kwa Ndululu, kaka yake Kiilu. Ndululu hakuwa na mke tena, kwa hiyo alipougua aliletwa kwao, na aliyemlisha ni Wayua. Kwanza sauti ilimkauka, kisha ugali ukamkwama. Wakasema ni kula haraka. Kisha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, haukupita, hata ukisagwa. Kisha uji. Walipofika hospitali waliambiwa ni saratani ya koo la chakula, na imeshakaa. Mwisho kilichobaki kupita ni maziwa, na nyumba nzima ikawa inaishi kwa hayo maziwa. Asubuhi mtu akiamka hakuuliza Ndululu ameamkaje. Aliuliza, "Yamepita?" Yakipita, watu walikunywa chai. Siku yaliporudi kwa pua, Wayua alikuwa ameshika kijiko mkononi, na baada ya siku nne walimzika.

Baada ya mazishi Kiilu hakulala. Wiki ya kwanza ukasema ni majonzi, ya pili ukasema majonzi, lakini mwezi? Ndunge, mama wa kundi la maombi, akamwambia Wayua, "Mpe maziwa moto akienda kulala. Maziwa huita usingizi. Hata mtoto mchanga anajua." Kweli Kiilu akapewa, na kweli zile siku za kwanza alilala. Kikombe kidogo tu, wakiketi wawili jikoni, moto ukififia, wakimkumbuka marehemu na vituko vyake. Wayua akaona dawa imepatikana. Lakini akili ya mtu aliyeogopa haikai bure. Usiku mmoja akajikuta anatazama kile kikoromeo, na moyo ukamwambia: maadamu maziwa yanapita, huyu hawezi kuwa na ugonjwa wa Ndululu. Wee! Toka siku hiyo hakikuwa kinywaji tena, kilikuwa kipimo. Na kipimo kidogo kinapima nini? Akaongeza kikombe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miezi kumi na mmoja. Kiilu alifika nyumbani saa mbili usiku, akaoga, akala saa tatu sahani ya watu wawili, akanywa nusu lita ya maziwa yenye utandu juu, akajitupa kitandani kama gunia. Saa saba akaamka amekaa wima, anameza mate, mkono kifuani. Kifua kinawaka, alisema, na mdomoni kumejaa kitu kichungu. Wayua naye angefanya nini? Alikimbia jikoni kupasha maziwa mengine. Kiilu akanywa, ukali ukatulia, wakalala. Saa tisa akaamka tena, mara hii kwa moto na kwa mkojo pia. Asubuhi alikohoa, akakwaruza koo, na sokoni wenzake wakamcheka, "Kiilu, leo betri zimeisha?" Yeye akacheka pamoja nao. Wayua alipoisikia hiyo stori hakucheka hata kidogo.

Alianza kumkagua mumewe kama anayekagua mbuzi wa kununua. Shingo imekonda? Mifupa ya bega imetokeza? Alimwona amepungua. Kila jioni alimwona amepungua zaidi. Alimpigia simu mtoto wao Kasyoki, anayefanya kazi duka la vifaa vya ujenzi kule Emali, akamwambia kwa kunong'ona, "Baba yako anaisha." Kasyoki akasema ampeleke hospitali. Rahisi kusema hivyo ukiwa Emali.

Kwa sababu Kiilu alikataa. "Ndululu alienda hospitali," alisema, "wakamwambia umechelewa. Bora nichelewe nikiwa kwangu." Akikasirika sauti ilimkatikia katikati, na hiyo ikamwogopesha Wayua kuliko maneno yenyewe.

Siku aliyoamua ilikuwa Jumanne. Alikuwa anatoa foronya kufua akakuta doa, la manjano, linanuka maziwa yaliyoganda. Yamerudi. Akakaa kitandani na ile foronya mapajani. Yamerudi, kama yalivyorudi kwa yule. Hakulia. Alisimama, akavaa leso ya kutokea, akamfuata mumewe uani. "Baba Kasyoki, magoti yananiua. Nisindikize hospitali." Alijua kwa ajili yake mwenyewe mzee hangeenda, lakini kwa ajili ya magoti ya mkewe angeacha hata siku ya soko. Na akaacha.

Katika kituo cha afya walipokelewa na binti anayeitwa Nasreen, mzaliwa wa pale pale mjini, mtaa wa karibu na msikiti, ambaye ni afisa wa kliniki, si daktari. Wazee wote humwita daktari, na yeye amechoka kuwasahihisha. Wayua hakungoja hata kuulizwa jina. Alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akasema, "Daktari, magoti yangu ni mazima. Mgonjwa ni huyu. Ana ule ugonjwa uliomuua kaka yake."

Kiilu alimtazama mkewe kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu. "Kumbe!" Lakini mlango ulikuwa umezibwa, na mke si mwembamba.

Nasreen alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Alianza kuuliza. Chakula kinakwama, mzee? Ugali, nyama? Hapana, chakula kinashuka vizuri. Unatapika damu? Choo kimekuwa cheusi kama lami? Hapana. Maumivu yanapanda begani au mkononi, ukitembea au ukibeba mzigo? Hapana, yanakuja nikilala. Umepungua? Hapo Wayua alijibu kwa niaba yake, "Amekwisha! Mtazame!" Nasreen akamweka Kiilu kwenye mizani, akafungua kadi yake ya zamani ya presha iliyotunzwa pale kituoni, akalinganisha. Kisha akaigeuza kadi ili Wayua asome mwenyewe. Mzee alikuwa ameongezeka kilo nne.

Wayua alisoma mara mbili. Haikuingia. Miezi yote amemwona akikonda.

"Usiku mnakula saa ngapi?" Nasreen akauliza. Wakamwambia. "Na baada ya kula?"

"Maziwa," Wayua akasema, na hapo sauti yake ikawa na fahari kidogo. "Moto, ya ng'ombe wetu, siyatii maji. Nusu lita. Na akiamka na moto kifuani nampa tena, yanamtuliza."

"Kwa dakika ngapi?"

Wayua akamtazama Kiilu. Kiilu akatazama chini. "Nusu saa hivi," alisema mzee. "Halafu inarudi. Wakati mwingine mbaya kuliko kwanza."

Nasreen akachukua karatasi akachora mrija na mfuko. Kati ya koo la chakula na tumbo, alisema, kuna mahali panapofunga kama mdomo wa gunia ukiukaza kwa kamba. Kwa mzee kamba imelegea, na hilo tumbo la mbele linasukuma kwa juu. Ukijaza mfuko kisha ukaulaza chini, unategemea nini? Yaliyomo yanapanda, pamoja na asidi. Asidi inaunguza kifua, ikifika juu inakwaruza sauti. Maziwa yakishuka huosha ile asidi, ndiyo maana unapata nafuu. Lakini tumbo likishapata maziwa linaanza kazi ya kuyasaga, linatoa asidi nyingine, na yale mafuta ya utandu huchelewa kutoka tumboni na huzidi kuilegeza ile kamba. "Kwa hiyo, mama, kila ukimzimia moto, baada ya nusu saa umeongeza kuni."

Hilo neno lilimchoma Wayua. Alikasirika, na mtu akikasirika kwa hofu hugombana na aliye karibu. "Wewe binti unataka kuniambia maziwa hayaleti usingizi? Kila mtu anajua! Huyu alilala, nilimwona kwa macho yangu!"

"Sikatai kwamba alilala," Nasreen akajibu polepole. "Watu wamelifanyia utafiti hili. Majaribio yenyewe si mengi, mengi ni madogo, watu wachache kwa siku chache. Kuna waliolala vizuri kidogo na kuna ambao hapakuwa na tofauti. Ni kweli ndani ya maziwa kuna kitu ambacho mwili hukitumia kutengeneza kemikali ya usingizi. Lakini katika kikombe kimoja ni kidogo, na kinagombania nafasi ya kuingia kwenye ubongo na vitu vingine vya protini humo humo. Hakuna mtu anayeweza kukuapia kwamba ni dawa. Zile siku za kwanza mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikaa tu jikoni. Tunaongea."

"Kikombe kidogo?"

"Kidogo."

"Basi pengine kilichomlaza ni kule kukaa. Joto, mazoea, mtu kujua siku imeisha. Mtu ambaye tumbo lake halirudishi chakula, anywe kikombe chake kidogo, mimi sina ugomvi naye. Mzee tumbo linarudisha."

Akawaandikia. Chakula cha jioni mapema, kidogo, na masaa matatu yapite kabla ya kulala. Maziwa akitaka, anywe mchana. Usiku asinywe, na akiamka asinywe. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali chini ya miguu yake, maana kurundika mito kunakunja tumbo tu. Alalie ubavu wa kushoto. Kisha hakuiweka kalamu chini, na Wayua akajua bado kuna jambo.

"Kwa umri wake, na kwa sababu ya kaka yake, na sauti imekaa hivi muda mrefu, nataka aangaliwe kwa kamera kule Kitui. Mpira mwembamba unaingia mdomoni unaangalia njia yote. Nafasi itapatikana baada ya wiki tatu. Dawa za kupunguza asidi nitaziacha mpaka hapo, zisije zikaficha kitu."

"Zifiche nini?" Wayua akauliza. "Si umesema ni maziwa?"

"Nimesema nadhani. Dalili zote zinaelekea huko. Lakini kudhani si kuona, mama."

Zile wiki tatu, jamani. Mtu asiombee. Kitanda kiliinuliwa, Kiilu akalalamika kwamba anateleza kama mtoto kwenye ubao, akawa anarudi mapema kutoka sokoni, chakula kikawa saa kumi na mbili unusu, na maziwa yakakatwa. Baada ya siku mbili Kiilu akaanza kulala. Alikoroma mpaka asubuhi. Aliyekosa usingizi sasa ni Wayua. Alikuwa amenyang'anywa kipimo chake. Atajuaje? Chakula kinashuka, ndiyo, lakini hata Ndululu mwanzoni kilishuka. Alilala ameelekeza sikio kwenye kifua cha mumewe, akihesabu anavyomeza mate. Na kila alipoona nafuu, alijiuliza kama ni nafuu au ni kule kutulia ambako wagonjwa hutulia kabla hali haijabadilika.

Alhamisi ya wiki ya pili alishindwa. Ilikuwa saa nne, Kiilu ameshavua shati, na Wayua akatokea na kikombe. "Kidogo tu," alisema. "Nione tu." Alitetemeka kiasi kwamba maziwa yalimwagika kwenye kidole. Kiilu akamtazama muda mrefu. Kisha akakipokea, akanywa, akameza polepole mbele ya macho yake, akamrudishia kikombe kitupu. Yakapita. Wayua akalala kama aliyekunywa yeye.

Saa nane akaamshwa na kikohozi. Kiilu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama, anakohoa mpaka machozi, na alipoweza kusema alisema tu, "Si kitu, lala." Wayua hakurudi tena jikoni kwa ajili hiyo. Asubuhi alikiondoa kile kikombe jikoni, akampelekea Ndunge mwenyewe, hakueleza kwa nini, na Ndunge akashukuru akidhani ni zawadi.

Siku ya kamera walifika Kitui mapema, Kiilu hajala tangu jana. Wayua aliachwa nje kwenye benchi, kati ya watu waliobeba bahasha kubwa za picha, na hakuna aliyeongea na mwenzake. Alijaribu kuomba akashindwa kupita maneno mawili. Alichokiona akifumba macho ni kijiko, na maziwa yakirudi. Nitamlisha huyu pia, aliwaza. Nitaanza na uji. Mikono inajua kazi. Aliichukia mikono yake kwa kujua.

Mlango ulipofunguliwa daktari alikuwa na karatasi, na Wayua alisimama kabla hajaitwa. Daktari hakumzungusha. Hakuna uvimbe. Hakuna kidonda cha kutilia shaka. Sehemu ya chini ya koo la chakula ni nyekundu, imeunguzwa na asidi, itapona kwa vidonge vya kunywa asubuhi kabla ya chakula, na kwa kuendelea vile vile na kitanda na chakula cha mapema. Wayua alimwomba arudie. Akarudia. Alimwomba tena, na huyo daktari, Mungu ambariki, akarudia mara ya tatu bila kukunja uso.

Kiilu akatoka, koo bado limekufa ganzi kwa dawa waliyompulizia, hajaruhusiwa kunywa hata maji mpaka ganzi iishe. Wakaketi nje kivulini. Wayua alikuwa analia na kufuta pua kwa leso, analaumu na kushukuru kwa pumzi moja.

"Ni mimi," alisema. "Miezi kumi na mmoja nilikuwa nakuunguza kwa mikono yangu. Na sikujua!"

Kiilu alitazama mbele. Aliongea kwa shida, ulimi mzito. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni maziwa. Mwezi wa pili tu nilijua. Nilikuwa nikienda kununua mbuzi kule Nguni nikalala huko, bila maziwa, na siungui. Nikirudi nyumbani, naungua. Dalali hawezi kukosa hesabu ya namna hiyo."

Wayua aliacha kulia. "Na ukanywa?"

"Ulikuwa unanitazama koo." Akameza, hakusikia amemeza. "Ningesema sitaki, ungedhani yamekataa kupita. Nilikuona siku ile ya Ndululu, Mama Kasyoki. Nilikuona na kile kijiko. Sikutaka unione nikikataa."

"Hata ile Alhamisi?"

"Hata ile Alhamisi. Ulikuwa unatetemeka."

Alimpiga. Ngumi ya bega, ya nguvu kabisa, mpaka mama aliyekuwa akiuza ndizi pale langoni akageuka kutazama. "Miezi kumi na mmoja, wewe mwanaume! Na kama ungekuwa na ule ugonjwa kweli? Ungeniambia lini?"

Kiilu alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo akiwa amechoka. "Nisingekuambia," alisema. "Ningekunywa mpaka yakatae."

Sasa ndipo Wayua alipoogopa kweli, kuliko siku zote zile, na hakukuwa tena na ugonjwa wa kuogopa. Usiku baada ya usiku alimtazama yule mtu koo kwa karibu kiasi kile, na asingejua kitu. Yote yangempita mbele ya macho, na yeye angesema, haya, lala.

Akamshika mkono. "Kuanzia leo," alisema, "kikikuuma unasema. Hata ukucha. Hata kama nitalia. Nikilia si nitanyamaza? Umewahi kuniona nikilia nisinyamaze?"

"Hapana."

"Basi sema. Sasa hivi kuna kinachouma?"

Kiilu alitaka kujibu hapana, kwa mazoea. Alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama mkewe.

"Bega," alisema. "Hapo uliponipiga."